Maiki, kisanduku au fomu ya simu? Kuchagua njia ya mkutano ambao bosi anajibu maswali mazito

Swali lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi kilichokunjwa mara nne: "Tunakatwa NSSF kila mwezi. Mbona kwenye simu yangu hakuna kitu tangu Februari?" Mwakilishi wa madereva alilisoma kwa sauti, polepole, halafu akarudi kuketi. Tulikuwa chini ya paa la karakana, yadi moja ya malori ya transiti hapa Malaba, upande wa Uganda, wafanyakazi wapatao 140, na meneja mkuu amesimama mbele bila meza. Kwa muda hakuna aliyekohoa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha kikao kile, na nimeendesha vingine kabla na baada yake. Wenzangu wa ofisi za utumishi huniuliza mara kwa mara njia ipi ni bora: kuacha watu wanyooshe mikono na kupewa maiki, kukusanya maswali kwenye kisanduku, au kutuma fomu ya simu ili watu wapigie kura maswali wanayoyataka. Nitazilinganisha zote tatu. Lakini njia ya kuuliza ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni aina ya jibu, na huko ndiko viongozi wengi wazuri huanguka, kwa hiyo nitakaa huko zaidi.

Maiki mkononi

Hii ndiyo njia tuliyoizoea. Ina uzuri mmoja ambao nyingine hazina: mtu anaweza kurudi kwa kiongozi papo hapo na kusema, "Hujajibu nilichouliza." Kiongozi anayekwepa huonekana mchana kweupe.

Ubaya wake nilijifunza kwa uchungu. Katika kampuni niliyofanya kazi zamani, fundi mmoja alisimama akauliza kwa nini saa za ziada za mwezi uliopita hazikulipwa. Alijibiwa vizuri, watu wakapiga makofi. Wiki iliyofuata alihamishiwa zamu ya usiku. Huenda ilikuwa ratiba tu, sijui, lakini mikutano mitatu iliyofuata maswali yalihusu chai na rangi ya sare. Ukiona maswali yamekuwa mepesi ghafla, usidhani watu wameridhika. Wameogopa.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha barabarani na mpakani, lakini katika yadi moja utakuta dereva wa Mombasa, karani wa Mbale na askari wa getini kutoka Tororo, na si kila mmoja ana ulimi mwepesi wa kusimama mbele za watu. Maiki humpenda mwenye maneno. Akina mama wa jikoni na wasafishaji hawaishiki kabisa.

Itumie peke yake pale tu mlipo wachache, tuseme chini ya 40, na pale ambapo mtu amewahi kuuliza swali kali huko nyuma na hakudhurika.

Kisanduku cha vikaratasi

Watu wengi hukipuuza kwa sababu ni cha kizamani. Mimi ndicho ninachokiamini kuliko vyote, ilimradi kiendeshwe sawasawa, maana kikiendeshwa vibaya ni hatari kuliko maiki.

Kwanza, hati ya mkono. Msimamizi aliyesaini ratiba zenu miaka mitatu anajua mwandiko wa kila mtu. Kwa hiyo vikaratasi havipiti mikononi mwa ofisi kamwe. Wafanyakazi wachague wawakilishi wawili, mmoja wa madereva na mmoja wa yadini. Kisanduku kinakaa siku tatu mahali ambapo kila mtu hupita na hakuna anayetazamwa. Sisi tulikiweka karibu na tangi la maji, si kwenye mlango wa ofisi. Jioni ya siku ya tatu wawakilishi wanakifungua, wananakili kila swali kwenye daftari kwa mwandiko wao, kisha vikaratasi wanavichoma.

Pili, hesabu. Mara ile vilipatikana vikaratasi 47. Wawakilishi wakaviweka katika mafungu tisa, na asubuhi ya mkutano tukaandika ubaoni kwa chaki: vikaratasi 47, mafungu 9, na majina ya mafungu yote. Hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloua maneno ya kwamba ofisi imeficha maswali mabaya. Kila mtu anaona kwamba lile fungu la NSSF lina vikaratasi 19, na lile la usafiri wa usiku lina vitatu, na vyote viko ubaoni.

Tatu, kiongozi apewe mafungu jioni ya kuamkia mkutano. Wako wanaopinga, wanasema mshtukize ndipo aseme kweli. Sikubaliani. Kiongozi aliyeshtukizwa ana majibu mawili tu, "nitaangalia" au ahadi ya haraka ya kujiokoa, na yote mawili ndiyo tunayoyakimbia. Mpe usiku mmoja wa kumwita mhasibu.

Udhaifu wa kisanduku ni kwamba kikaratasi hakiwezi kuuliza swali la pili. Kiongozi akijibu nusu, karatasi imenyamaza. Dawa yake nitaieleza mbele kidogo.

Fomu ya simu na kura

Hii inawafaa wafanyakazi waliotawanyika. Dereva aliye njiani kutoka Mombasa kwenda Kigali hawezi kukifikia kisanduku cha Malaba. Anajaza fomu akiwa kwenye foleni ya mpakani, na wengine wanapigia kura maswali.

Angalia mambo mawili. Kundi la WhatsApp si siri, kwa sababu namba yako inaonekana. Na mkitumia Google Forms, fungua mpangilio ulioandikwa `Collect email addresses` na uhakikishe umewekwa `Do not collect`, kisha zima `Limit to 1 response`, maana hiyo humlazimisha mtu kuingia kwa akaunti yake. Waonyeshe wawakilishi mpangilio huo kwenye skrini, waone wenyewe. Mtu akiwa na wasiwasi na fomu hataandika kitu, na wewe utadhani hakuna malalamiko.

Kasoro ya kura ni kwamba wengi huwafunika wachache. Lile swali la vikaratasi vitatu, wahudumu wa jikoni wanaotoka kazini saa nne usiku na kutembea mpaka stendi bila taa, lisingepata kura hata kumi. Lakini lilikuwa ndilo swali la hatari kuliko yote tisa, na ndilo lililotatuliwa upesi: gari la zamu liliwachukua kuanzia wiki ile ile. Ukitumia kura, tenga angalau robo ya muda kwa maswali yenye kura chache.

Kwa mtu anayetaka kuona kwa jicho moja:

| | Maiki | Kisanduku | Fomu na kura |
|---|---|---|---|
| Anayeuliza analindwa? | Hapana | Ndiyo, kama ofisi haigusi karatasi | Ndiyo, kama mipangilio ni sahihi |
| Swali la pili linawezekana? | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Sauti ya wachache inasikika? | Mara chache | Ndiyo | Hufunikwa na kura |
| Walio safarini wanafikiwa? | Hapana | Hapana | Ndiyo |

Kwa yadi kama yetu mimi nachagua kisanduku kwanza, fomu kwa walio safarini, na maiki mwishoni mwa kila fungu. Ndiyo ile dawa niliyoitaja. Kiongozi akimaliza kujibu fungu, mwakilishi, si muulizaji, anapewa nafasi ya kusema "hapa hujajibu," halafu maiki inakuwa wazi dakika tatu kwa yeyote anayetaka. Anayeogopa amelindwa na mwakilishi wake, na kiongozi hawezi kuteleza.

Kwa dakika 90, kiongozi asipewe zaidi ya 10 za kufungua. Hotuba ndefu ndiyo njia ya zamani kuliko zote ya kukwepa maswali.

Sasa majibu: matatu kwa swali moja

Turudi kwa yule aliyeuliza kuhusu NSSF. Swali hili lina makali kwa sababu fedha si za kampuni. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaongeza 10 yake, na zote zinatakiwa kufika kwenye mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Ilikuwa tarehe 22 Mei. Makato ya Februari, Machi na Aprili yote yalikuwa yamepita muda. Na siku hizi mtu hahitaji kuambiwa na mhasibu, anatazama akiba yake kwenye simu.

Jibu la kwanza, la kukwepa, nimelisikia mara nyingi mahali pengine: "Suala hilo tunalifahamu, lipo kwa wahusika na linashughulikiwa." Hakuna aliyefanya, hakuna siku, hakuna kiasi. Ukitaka kulitambua jibu la aina hii, tafuta mtendaji. Kitenzi kikiwa hakina mwenyewe, "linashughulikiwa", "limechelewa", "kuna changamoto", ujue mtu amejificha nyuma ya sarufi. Kiswahili kinatupa njia nyingi za kusema jambo bila kumtaja aliyelifanya, na mwendeshaji anatakiwa kuuliza kwa adabu, "Samahani mzee, nani analishughulikia?"

Jibu la pili, la kuahidi kupita kiasi: "Ndugu zangu, hadi Ijumaa kila shilingi itakuwa imeingia, na haitatokea tena." Watu hupiga makofi kwa jibu hili. Ni tamu. Lakini meneja hana uwezo wa kuhakikisha kwamba mteja mkubwa atalipa ankara kabla ya Ijumaa, wala hawezi kuapa kuhusu mwaka ujao. Ijumaa ikipita bure, hata ukweli atakaousema baadaye hautaaminiwa. Nimewahi kumwona mkurugenzi mmoja akiahidi nyongeza ya Desemba ambayo haikuja. Mwezi wa Machi alipotangaza bima ya matibabu, bima ya kweli iliyokwisha kulipiwa, watu walicheka.

Jibu la tatu ndilo alilolitoa meneja wetu, na ninaliandika karibu kama alivyosema: "Ni kweli. Tuliwakata miezi mitatu na hatukupeleka. Niliidhinisha mimi fedha hizo zitumike kununua mafuta mteja wetu alipochelewa kutulipa. Nilikosea, hazikuwa zangu. Februari tumelipa jana, risiti hii hapa, mwakilishi atabaki nayo. Machi tutalipa kabla ya tarehe 31 mwezi huu, fedha zipo benki. Aprili nimeipangia tarehe 14 Juni, lakini hiyo inategemea malipo ya mteja, kwa hiyo siwaapii. Nitakachowaahidi ni hiki: nikiona tarehe 14 haiwezekani, mtasikia kutoka kwangu kabla ya siku hiyo, si baada."

Litazame lilivyojengwa. Kuna lililofanyika, na aliyelifanya. Kuna lililokwisha kulipwa, na ushahidi wake mkononi. Kuna ahadi ambayo fedha yake ipo, na kuna tarehe ambayo si kiapo, na tofauti ya hizo mbili imesemwa wazi. Mwisho kuna ahadi ambayo meneja anaweza kuitimiza hata mfuko ukiwa mtupu, yaani ahadi ya kutoa taarifa. Hicho ndicho kipimo ninachompa kila kiongozi jioni ya kuamkia mkutano. Ahidi matokeo pale tu fedha au uamuzi uko mkononi mwako. Kwingine kote ahidi hatua na siku.

Jioni ile huwa tunakaa na daftari lenye safu tatu: ninayoyajua, nisiyoyajua bado, nisiyoruhusiwa kusema. Hatuondoki mpaka kila kitu cha safu ya pili kina tarehe na jina la mtu, na kila kitu cha safu ya tatu kina sababu. Pale ambapo kosa linagusa sheria, kama hili la makato, mwanasheria wa kampuni aonwe usiku ule ule, kwa sababu kukiri mbele ya watu kuna uzito wake. Asije tu akamgeuza meneja kuwa bubu.

Pale ambapo jibu halipo

Fungu la pili lilihusu kupunguzwa kwa kazi. Ilivumishwa kwamba yadi ndogo ya Busia itafungwa. Hapa mvuto wa kuahidi kupita kiasi ni mkubwa kuliko kwingine, kwa sababu kiongozi anaona nyuso za watu anaowajua. "Hakuna atakayepoteza kazi" hutoka mdomoni kabla hajafikiri.

Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 ilimsaidia. Inaweka sakafu, na sakafu ni kitu ambacho kiongozi anaweza kukiahidi bila woga kwa sababu tayari ni deni. Mwajiri anayekusudia kuwaondoa watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi lazima amjulishe kamishna wa kazi kwa maandishi, na kama kuna chama cha wafanyakazi, kipewe taarifa si chini ya wiki nne kabla ya mtu wa kwanza kuondoka. Na ilani ya mtu mmoja mmoja inafuata muda aliofanya kazi: mwezi mmoja kwa aliyemaliza mwaka lakini hajafika mitano, miezi miwili kwa mitano hadi kumi, mitatu kwa aliyefikisha kumi au zaidi.

Kwa hiyo meneja alisema: "Uamuzi haujafanywa. Wakurugenzi wanakaa tarehe 20 Juni. Siwezi kuwaambia itabaki, na siwezi kuwaambia inafungwa. Ikifungwa, hakuna atakayesikia leo na kuondoka kesho." Akasoma hizo ilani kwa kufuata miaka ya kazi. Dereva mmoja alichukua maiki akauliza, "Wewe binafsi ungependa ifungwe?" Meneja akajibu kwamba angependa ibaki, lakini kupenda kwake si uamuzi, na wasikitumie kama dalili. Nilipenda jibu hilo kuliko yote ya siku ile. Wangapi wangeacha tumaini hilo lielee hewani lifanye kazi yake?

Swali la reli lilikuwa jepesi kwa sababu kila mtu alijua hakuna anayejua. Uganda ilisaini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala mwaka 2024, kilomita 272, na madereva wanataka kujua watakula wapi. "Sijui" ilitosha, pamoja na ahadi ndogo kwamba kila robo mwaka atawaletea hesabu ya makontena tuliyobeba, wajionee kama kazi inapungua.

Neno moja lililotuponyoka

Nilieleze hili kwa kuwa ni kosa langu kama mwendeshaji. Katikati ya mkutano meneja, ambaye amesomea Dar es Salaam, alisema "posho ya safari tutaipitia upya mwezi wa saba." Madereva wa Mombasa walielewa. Wengi wa yadini walisikia kitu kingine, kwa maana hapa Uganda posho ni ugali. Kufika jioni habari iliyozunguka jikoni ni kwamba chakula cha mchana kinabadilishwa. Tangu siku hiyo kila jibu lenye fedha au tarehe nalirudia kwa maneno mengine kabla hatujaendelea, na namuuliza mwakilishi amesikia nini. Ahadi nyingi zinazosemekana kuvunjwa hazikuwahi kutolewa. Zilisikika tu.

Ndani ya siku mbili tulibandika karatasi getini: swali, jibu, jina la mhusika, tarehe. Mafungu tisa, mistari tisa. Mistari miwili ilisomeka "hatuwezi kusema kwa sasa," na sababu yake pembeni, moja ikiwa ni kesi iliyo mahakamani.

Machi ililipwa tarehe 29 Mei. Kwa Aprili, mteja hakulipa. Tarehe 12 Juni, saa kumi na mbili asubuhi, zamu zikibadilishana, meneja alisimama getini penye ile karatasi, akakata tarehe 14 kwa kalamu nyekundu, akaandika 27, na kumweleza kila aliyepita. Wengine walinuna, mmoja alimwambia maneno makali. Kwenye kisanduku cha mkutano uliofuata vilipatikana vikaratasi 61.